Donge Kooni Bila Kiungulia: Tumbo Linapolisumbua Zoloto

Alipoingia chumbani kwangu alikuwa amejikohoza mara tatu kabla hajakaa. Si kikohozi, ni ile "hm-hm" kavu ya mtu anayetaka kuanza kusoma hotuba, ila yeye hotuba hana. Ni ustadh wa madrasa, mtu wa Mikindani, Mtwara, umri wake miaka 46 (mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike). Aliweka kidole kwenye kishimo cha shingo, pale juu ya mfupa wa kifua, akasema, "Daktari, hapa pana kitu. Nikimeza mate kinapanda, kinashuka, hakiondoki. Nimekwisha kumeza dawa za tonsesi mara mbili."

Nilimuuliza kama ana kiungulia. Akakataa katakata. Hajui kuungua kifua, hacheui chakula, halali na maumivu ya tumbo. Hata hivyo, kituo kimoja alikopita kabla ya kuja kwangu kilimpa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, ya wiki mbili, kidonge kimoja usiku akienda kulala. Haikumsaidia, naye akaona ameambiwa uongo: mbona wanasema ni tumbo, na tumbo langu haliniumi?

Swali lake ni la haki. Kuna hali ambapo vilivyomo tumboni hupanda umio wote, vikapita mlango wa juu na kufika kwenye koromeo na zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti. Wengi wanaichukulia kuwa ni kiungulia kilichopanda juu zaidi, kwa hiyo wanaitibu kama kiungulia. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kuzunguka kutoka duka la dawa moja hadi jingine.

Umio una urefu wa sentimita 25 hivi, na una milango miwili. Wa chini uko unapokutana na tumbo, wa juu uko nyuma ya zoloto. Mlango wa chini ukilegea, tindikali huingia kwenye umio, nao hujitetea: misuli yake husukuma kila kitu kirudi chini, na mate tunayomeza, ambayo yana magadi kidogo ndani yake, husafisha kilichobaki. Umio umezoea. Hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote hupandwa na tindikali kidogo mara kadhaa kwa siku baada ya kula, na hajui. Mpaka kifua kiungue, tindikali huwa imekaa pale muda mrefu au imerudi mara nyingi.

Zoloto haina ulinzi huo. Ngozi yake laini haikuumbwa kukutana na maji ya tumbo, na hakuna misuli ya kuyasukuma yarudi. Ndiyo maana dozi ndogo, ambayo umio usingeihisi kabisa, inaweza kuliwasha koo kwa saa nyingi. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na tatizo kooni bila kiungulia: kilichopanda kilipita haraka kwenye umio, hakikukaa cha kutosha kuunguza, kikafika mahali pasipostahimili. Daktari wa koo wa Marekani aitwaye Jamie Koufman aliandika mwaka 1991 juu ya wagonjwa wa namna hii, na chini ya nusu yao ndio waliolalamika kiungulia. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba kiungulia cha kawaida husumbua zaidi mtu akilala, wakati hiki cha kooni mara nyingi hupanda mchana, mtu akiwa wima, akiinama, akibeba mzigo, au akiongea kwa nguvu tumbo likiwa limejaa.

Tena si tindikali peke yake inayopanda. Pamoja nayo huja pepsini, kimeng'enya cha tumbo kinachomeng'enya nyama. Pepsini hufanya kazi yake hasa penye tindikali kali, lakini ikifika kooni, ambako tindikali ni hafifu, haifi. Hunata kwenye ngozi ya koo, hata huingia ndani ya seli, ikatulia. Tindikali ikija tena, kutoka chini au hata kwenye glasi ya maji ya ndimu, inaweza kuamka. Ukilikumbuka hili, utaelewa baadaye kwa nini dawa ya kupunguza tindikali inaweza kufanya kazi yake barabara na koo lisione tofauti.

Turudi kwa ustadh. Kabla ya kuzungumza juu ya tumbo nilitaka kujua hilo donge ni donge la namna gani. Nilimuuliza, "Ukila ugali, linakuwaje?" Akafikiri kidogo, akashangaa mwenyewe. "Nikila halipo. Linarudi nikishamaliza."

Jibu hilo lina uzito kuliko vipimo vingi. Donge linalosikika wakati wa kumeza mate matupu na kutoweka mtu anapomeza tonge ni nadra kuwa uvimbe unaoziba njia. Kwa kawaida ni ule mlango wa juu wa umio ambao umekaza misuli yake, pamoja na koo lililochokozeka hadi linasikia kila kitu kwa ukubwa. Kumeza mate mara kwa mara ili "kulishusha" hulizidisha, kwa sababu mate yakishakwisha mtu anameza hewa kavu, na mlango unakaza zaidi. Hofu nayo hulikaza. Sisemi donge ni la mawazo tu, maana misuli inakaza kweli, lakini jirani yake ustadh alikuwa amefariki kwa kansa ya koo mwaka uliopita, na tangu msiba ule donge lilikuwa limekua.

Angesema kinyume chake, kwamba tonge ndilo linalokwama, kwanza ugali, kisha wali, kisha hata uji, tungekuwa kwenye habari nyingine kabisa. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye kansa ya umio kwa wingi, na ile iliyo nyingi kwetu haitokani na kiungulia. Mtu anayekwama chakula na kukonda hapewi omeprazoli ya majaribio, anapelekwa akaangaliwe umio kwa kamera. Vivyo hivyo anayetema damu, mwenye kivimbe shingoni, mwenye maumivu ya upande mmoja wa koo yanayochoma hadi sikioni, na yule ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu mfululizo, hasa akiwa mvutaji. Sauti ya namna hiyo lazima zoloto ionekane kwa macho. Na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kwetu, kwanza ni kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, maana kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye zoloto na kukausha sauti.

Ustadh hakuwa na hata moja katika hayo. Sauti yake ilikwaruza alfajiri tu, akiadhini, na ikisogea saa nne asubuhi ilikuwa imefunguka.

Hapa kusini kuna jambo lingine la kuuliza, ambalo halimo kwenye vitabu vya ugenini: salfa. Wakulima wa korosho hupulizia mikorosho vumbi la salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi lile huwasha pua, macho na koo hata la asiyeshika mashine, akipita tu barabarani. Ustadh ana mikorosho yake, na donge lilianza mwezi Juni, wakati wa kupulizia. Niliona huenda salfa ndiyo iliyoanzisha. Ila alikuja kwangu Oktoba, watu wakiwa wanaokota korosho, salfa imekwisha wiki nyingi, na koo bado. Muwasho wa vumbi peke yake ungekuwa umetulia. Kitu kingine kilikuwa kinaulisha.

Pia niliuliza juu ya dawa za presha. Enalaprili na captoprili huleta kikohozi kikavu na muwasho wa koo kwa baadhi ya watu, na wapo wanaotibiwa tumbo miezi kadhaa wakati dawa ya presha ndiyo yenye kosa. Usiiache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia, akubadilishie. Baada ya kubadilisha, kikohozi huchukua wiki moja hadi nne kuisha, mara nyingine zaidi. Ustadh hakuwa akitumia dawa ya presha, hakuvuta sigara, na pua yake haikuwa na mafua ya mzio.

Ndipo tukafanya hesabu ya dalili. Kuna karatasi ya maswali tisa iliyotungwa mwaka 2002, kila swali hupewa alama kutoka 0 hadi 5, kwa jinsi dalili ilivyokusumbua mwezi uliopita: sauti kukwaruza, kujikohoza, makohozi kooni, kumeza kwa shida, kukohoa baada ya kula au kulala, kupumua kwa shida au kupaliwa, kikohozi kinachokera, donge kooni, na mwisho kiungulia. Jumla kubwa ni 45, na ikizidi 13 inahesabiwa kuwa si ya kawaida. Angalia kwamba kiungulia kina swali moja tu kati ya tisa. Ustadh alijipa 5 kwa kujikohoza, 5 kwa donge, 4 kwa makohozi, 3 kwa sauti, 2 kwa kikohozi. Jumla 19, na kwenye kiungulia ameweka sifuri.

Karatasi hii naitumia kama mizani ya kupima maendeleo, si kama hukumu. Mtu mwenye mzio wa pua anaweza kupata 19 vilevile. Hata kamera nyembamba inayopitishwa puani kuangalia zoloto, ambayo ni muhimu sana kwa kutafuta uvimbe, haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba tumbo ndilo lenye kosa. Daktari huona wekundu na uvimbe kidogo nyuma ya zoloto, akaandika "asidi". Lakini uchunguzi wa watu 105 wenye afya, uliochapishwa mwaka 2002, uliona zaidi ya asilimia 80 yao wana angalau dalili moja ya muwasho kwenye zoloto, na hawakuwa wakilalamika chochote. Wekundu ni wekundu tu. Kujikohoza kwenyewe kunauleta.

Kipimo kinachokaribia ukweli ni mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi kwenye umio na kukaa humo saa 24, ukirekodi kila kinachopanda, kiwe kikali au hafifu, na kimefika wapi. Zahanati na vituo vyetu vya afya havina kitu hicho. Ni cha hospitali kubwa chache. Kwa kiungulia cha kawaida hakihitajiki mwanzoni, kwa sababu kifua kinachoungua baada ya kula na kutulia kwa dawa kinatosha kuwa ushahidi. Koo halina ushahidi wa wazi namna hiyo, na hii ndiyo tofauti kubwa ya utambuzi. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2022 umeliweka hivi: mwenye dalili za koo pamoja na kiungulia, ajaribiwe dawa ya tindikali mara mbili kwa siku kwa wiki 8 hadi 12, mwenye dalili za koo peke yake, apimwe kwanza kabla ya kuanzishiwa dawa.

Sababu ya tahadhari hiyo ni matokeo ya dawa zenyewe. Uingereza walifanya jaribio kwa watu 346 wenye sauti ya kukwaruza na dalili za koo, matokeo yakatoka mwaka 2021. Nusu walipewa lansoprazoli, ndugu ya omeprazoli, miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa wiki 16, nusu vidonge visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakukuwa na tofauti kati yao. Kwa mwenye kiungulia hasa, dawa hizi ni nzuri mno, sina neno nazo. Lakini hazizuii vitu kupanda. Zinapunguza ukali wake tu, vinavyopanda vinaendelea kupanda, na pepsini imo ndani.

Kwa upande wa ustadh kulikuwa na kasoro ya ziada. Omeprazoli hufunga vipampu vya tumbo vinavyomwaga tindikali, lakini vile tu vilivyo kazini wakati huo, na vipampu huamka kwa chakula. Kwa hiyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Akiimeza saa nne usiku, akaenda kulala, vipampu vingi vimelala, na dawa huondoka kwenye damu baada ya saa chache. Kosa hili naliona karibu kila wiki, hata kwa wenye kiungulia halisi, na inasikitisha kwa sababu kulirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Je, nimpe sasa kwa mpangilio sahihi? Niliamua hapana. Hana kiungulia, na nilitaka kwanza tuondoe yale yanayosukuma tumbo juu. Nikamwomba anisimulie jioni yake. Baada ya Magharibi anafundisha hadi Isha, anasoma kwa sauti, watoto 30 wanaitikia. Akitoka hukaa barazani kwa kahawa chungu, vikombe vitatu. Chakula saa tatu na nusu usiku: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, ndimu na pilipili, kwa sababu hajala tangu saa saba mchana. Saa nne na robo yupo kitandani. Akifundisha, msuli aliouvaa ameukaza chini ya kitovu, maana akisimama na kukaa mara nyingi unalegea.

Tukabadilisha mambo machache, si orodha ndefu. Chakula kikubwa kihamie saa kumi na moja jioni, kabla ya darasa lakini si dakika tano kabla, na usiku kiwe kidogo, kisha zipite saa tatu nzima kabla hajalala. Vyakula vya kukaanga na nazi nzito viende mchana, sababu mafuta huchelewesha tumbo kumwaga. Kahawa ikawa kikombe kimoja cha alasiri. Msuli alegeze. Kitanda sikumgusia sana. Kuinua miguu ya upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, kunasaidia zaidi wanaosumbuliwa usiku. Kuongeza mito siyo dawa, kunakunja tumbo.

Dawa niliyompa ni aljineti, dawa ya maji, mililita 10 baada ya kila mlo na nyingine wakati wa kulala, bila kunywa kitu juu yake. Ikikutana na tindikali hugeuka utelezi mzito unaoelea juu ya chakula kama utando wa maziwa yaliyopoa, ukaziba. Hii ndiyo inayolenga tatizo la kupanda, iwe tindikali au pepsini. Ushahidi wake kwa koo si mkubwa, ila madhara yake ni machache; mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza, kwa sababu ina sodiamu. Usiichanganye na zile dawa nyeupe za kawaida za kutuliza asidi, ambazo hazitengenezi utando. Wapo wanaoniuliza kama ni ule mwani unaolimwa Kilwa na Mtwara. Hapana, aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia. Huu wetu hutoa karajini, kitu kingine.

Lililobaki ni koo lenyewe, na naamini hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kila "hm" ni nyuzi mbili za sauti kugonganishwa kwa nguvu. Zikigongwa huvimba kidogo, zikivimba hutoa ute wa kujilinda, ute ukiwepo mtu anahisi kitu, anajikohoza tena. Duara hili linaweza kuendelea hata kilichopanda kimekoma kupanda. Nilimwomba mkewe amsaidie kuhesabu: kila ustadh akijikohoza, aweke punje ya kunde kwenye kikombe, saa moja tu baada ya chakula cha usiku. Usiku wa kwanza zilipatikana 41. Ustadh hakuamini, akazihesabu upya mwenyewe.

Mbadala wake ni huu. Hamu ikija, funda dogo la maji, umeze kwa nguvu huku kidevu kimeinama. Kama maji hayapo karibu, toa pumzi taratibu kwa "hhh" isiyo na sauti, kisha meza. Hamu hupanda, hukaa sekunde chache, hushuka. Darasani akawa na chupa ya maji pembeni, na watoto wakajifunza kusubiri. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Alisema ni kama kujizuia kukuna upele.

Alirudi wiki ya sita na karatasi: kunde 17. Alama zake 19 zilikuwa zimeshuka hadi 12. Wiki ya 12, mwezi Januari, kunde 6 na alama 8, sauti ya alfajiri imesafika, donge linakuja siku za harusi tu, akila pilau usiku. Siwezi kuapa ni kipi kati ya yale kilichofanya kazi, na wenye lansoprazoli kule Uingereza wamenifundisha kwamba hata vidonge vitupu na muda huleta nafuu. Kama asingepata mabadiliko yoyote wiki ya 12, nisingeongeza dawa; ningemwandikia barua akaangaliwe zoloto kwa kamera na, ikiwezekana, awekewe ule mrija.

Siku ile ya Januari aliniuliza habari ya Ramadhani. Futari na daku ni mitihani miwili kwa mtu kama yeye: tumbo lililokaa tupu kutwa nzima linajazwa kwa mkupuo, halafu mtu anakula daku na kurudi kulala. Tulikubaliana afungue kwa tende na uji, aswali, chakula kingine ale kidogo kabla ya tarawehe, aljineti baada ya kila kimoja. Na baada ya daku asirudi kitandani. "Nitakaa nisome hadi jua litoke," alisema, "kimya kimya, kwa macho tu."